Somo la Kiswahili: Kuwajulisha Wageni Mbele ya Watu wa Dini Mbalimbali

Mwenye kuwajulisha wageni mkutanoni ana kazi mbili: kuwaamkia waliohudhuria, na kumtaja kila mgeni kwa cheo chake. Watu wakiwa wa dini moja na rika moja, kazi hizo ni nyepesi. Lakini pale walipoketi pamoja Waislamu na Wakristo, wazee na vijana, neno moja lisilo mahali pake laweza kuwafanya nusu yao wajione kuwa wageni katika mkutano wao wenyewe.

Na tuchukue mfano wa mkutano wa wazazi katika shule moja ya Malindi. Mbele wameketi watu wanne: kadhi, padre wa Kikatoliki, mwalimu mkuu ambaye ni mwanamke wa miaka 34, na mzee wa miaka 78 aliyekwisha kuhiji Makka. Mwenye kuwajulisha ni karani wa miaka 30.

Tuanze na maamkizi. "Assalamu alaikum" ni dua ya amani, na Waislamu huijibu "Wa alaikumu salaam". "Tumsifu Yesu Kristo" ni salamu ya Wakatoliki, na "Bwana asifiwe" ni ya Waprotestanti wengi. Kila moja ni njema mahali pake, lakini hujibiwa na upande mmoja, na upande wa pili hukaa kimya. Hata karani akizitoa zote mfululizo, atakuwa amewagawa watu mafungu mafungu, na asiye wa dini hizo atakuwa hakuamkiwa.

"Shikamoo" haina dini, lakini ina umri: mdogo humwamkia mkubwa, na mkubwa hujibu "Marahaba". Karani akisema "Shikamooni nyote", amewaamkia hata wanafunzi waliosimama nyuma, nao watacheka. Basi na aseme: "Wazee wetu, shikamooni. Nanyi nyote, hamjambo?" Wazee wataitikia marahaba, kisha watu wote watajibu hatujambo. Dalili ya salamu iliyofaa ni hiyo: sikiliza jibu, uone kama limetoka pande zote.

Sasa tuje kwenye vyeo. Kosa linaloumiza zaidi ni kutumia mizani miwili. Tuseme karani amesema, "Baba yetu mpendwa Padre Fulani, na Bwana Fulani wa mahakama ya kadhi." Hakutukana mtu, lakini mmoja amepewa cheo na mapenzi, na mwingine ametajwa kama karani wa ofisi. Waislamu waliopo wataona kwamba dini yao imepimwa ikapungua. Tena "Baba" ni neno la waumini wa padre huyo. Mwenye kusema kwa niaba ya wote asiwafanye wote kuwa wana wake.

Kadhi ni hakimu katika sheria ya Kenya, na mahakama yake husikiliza mambo ya Waislamu kama ndoa, talaka na urithi. Kwa hiyo mtu wa dini yoyote aweza kumwita Kadhi. "Sheikh" ni heshima ya elimu ya dini. Huongezwa ikiwa ndivyo anavyoitwa. "Sharifu" ni neno la nasaba ya Mtume, wala halipewi kila mvaa kanzu. "Alhaji" nalo ni ushahidi kwamba mtu amehiji. Ukimpa asiyehiji, umemtia aibu mbele ya wanaomjua. Kwa Wakristo vilevile: padre wa Kikatoliki haitwi mchungaji, na kasisi wa Kianglikana ajulishwe kwa jina hilo la kasisi.

Na mwalimu mkuu je? Zamani magazeti yaliandika "Bibi" kwa mwanamke aliyeolewa. Leo wengi wakisikia neno hilo hufahamu nyanya au mke wa mtu. "Binti" nalo humrudisha utotoni. "Bi." humfaa, awe ameolewa au hakuolewa, nacho cheo cha kazi yake kisiachwe kwa sababu ya ujana wake.

Karani wetu basi na aseme hivi: "Mzee wetu, Alhaji Fulani, mkazi wa mji huu. Sheikh Fulani, Kadhi wetu. Padre Fulani, wa parokia yetu. Na Bi. Fulani, Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu leo." Mzee ametangulia kwa umri, na mwenyeji amekuja mwisho baada ya wageni wake. Kadhi na padre wametajwa kwa urefu ule ule: heshima, jina, na mahali pa kazi. Neno la sifa likiongezwa kwa mmoja, liongezwe kwa wote au liondolewe.

Mavazi na ndevu si ushahidi wa cheo. Kabla ya mkutano kufunguliwa, mwendee kila mgeni umwulize, "Ungependa nikutaje vipi mbele ya watu?" Kisha andika jibu lake kama alivyolitamka, ulisome hivyo hivyo.