Kumpokea Mtoto Aliyepotea Sokoni

Mfanyabiashara, mlinzi au mchukuzi anayemwona mtoto mdogo akiwa peke yake sokoni ana wajibu wa kumlinda, lakini hana ruhusa ya kuondoka naye. Mzazi akigundua mwanawe hayupo, kwa kawaida hurudia njia aliyopita. Kwa hiyo mtoto abaki alipoonekana, mahali pa wazi, mbele ya zaidi ya mtu mmoja.

Anayemsogelea achuchumae hatua mbili hivi kutoka alipo mtoto, bila kumshika wala kumbeba. Aanze kwa salamu, kisha ajitambulishe: "Hujambo? Mimi Mama Asha, nauza nyanya hapa." Swali la "Umepotea?" liepukwe, kwani humtia hofu hata aliyekuwa ametulia. Mtoto aulizwe kwanza kama anasikia kiu, anataka kwenda chooni au anaumwa mahali. Mtoto aliyebanwa na haja hawezi kujibu jingine.

Maswali yafuate moja moja, na kila jibu lisubiriwe. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minne katika soko la Kariakoo, amesimama kati ya meza za vitunguu. Akiulizwa jina la mama yake, atajibu "Mama", maana ndilo analolijua. Akiulizwa majirani humwitaje, atasema "Mama Juma". Akiulizwa walikuja kununua nini, atasema "samaki". Majibu hayo mawili ya mwisho yanatosha: mtu mmoja anayeaminika aende upande wa samaki kumwulizia Mama Juma, na aliyemsalimu mtoto abaki naye.

Mama huyo asipopatikana, uongozi wa soko utangaze kwa kipaza sauti kwamba yupo mtoto anayetafuta wazazi, na mahali pa kufika. Jina la mtoto, umri na nguo zake visitajwe, kwa sababu hivyo ndivyo atakavyoulizwa anayekuja kumchukua, kabla hajaonyeshwa mtoto. Picha yake isisambazwe katika makundi ya simu. Humpa mwenye nia mbaya majibu yote. Mtoto kulia au kunyamaza anapomwona anayekuja kumchukua si uthibitisho pekee, ila akimkwepa, makabidhiano yasimame.

Anayekabidhiwa mtoto aandikwe jina, namba ya simu na saa katika daftari la ofisi ya soko. Pakiwa na shaka, au asipotokea mtu, mtoto apelekwe na watu wawili kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Nchini Tanzania, namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bila malipo.

Kumpeleka mtoto nyumbani kwa msaidizi, hata kwa huruma, hakukubaliki: humwondoa anapotafutwa, na humwingiza msaidizi katika tuhuma ya kuiba mtoto.