Yadi ya Magari Hupimwa kwa Malalamiko Yake

Anayetaka kununua gari la mtumba Nairobi simshauri atafute yadi isiyolalamikiwa. Yadi iliyouza magari mengi lazima iwe imeudhi watu. Ninachochunguza ni lalamiko la aina moja: mteja amelipa, gari analo, lakini logibuku haijaingia jina lake. Injini mbovu fundi wako ataigundua kabla hujalipa. Tatizo la logibuku hujitokeza pesa zikishatoka, kwa sababu yadi nyingi huuza magari ya watu wengine kwa kamisheni, na mengine bado yana deni la benki. Deni lisipolipwa, benki haiachilii umiliki.

Ndiyo maana siridhiki na wateja ambao yadi yenyewe inanipa namba zao, hao wamechaguliwa. Afadhali kusoma maoni ya nyota moja na mbili kwenye Google na Facebook, kisha kuwaandikia walioyaweka. Watafute walionunua miezi sita au zaidi iliyopita, maana aliyenunua wiki jana bado ana furaha ya gari jipya. Uliza: logibuku ilihamishwa baada ya siku ngapi? Ilipochelewa, nani alipiga simu kwanza, wewe au wao? Yadi iliyoeleza kiini cha kuchelewa, ikataja tarehe na kuitimiza, naiamini kuliko yenye sifa tupu. Inayojibu kila mtu "tafadhali njoo inbox" halafu ikanyamaza, naipita.

Utaambiwa washindani huandika uongo. Ni kweli, na wenye yadi nao hununua sifa. Kwa hiyo maneno ya watu yalinganishwe na rekodi. Kupitia eCitizen, omba CR12 ya kampuni: ina tarehe ya usajili, wakurugenzi na wenye hisa. Tuseme bango linajigamba "miaka kumi sokoni", ilhali kampuni ilisajiliwa mwaka jana. Huenda mwenyewe alianza kwa jina la biashara tu, jambo halali. Basi akuonyeshe cheti cha zamani. Asipokionyesha, yawezekana jina la awali liliachwa pamoja na madeni yake. Chukua majina ya wakurugenzi, si la kampuni pekee, uyatafute kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu husomwa bure. Kukosa hukumu hakumtakasi mtu, kwani magomvi mengi huishia nje ya mahakama. Kesi moja pia si hatia. Ila kesi tatu za wanunuzi tofauti, zote kuhusu logibuku, zinaonyesha mtindo wa kazi.

Hata yadi ikipita yote haya, fanya upekuzi wa gari lenyewe NTSA kabla ya kulipa chochote. Jina la mmiliki likiwa si la muuzaji, dai idhini ya maandishi ya mmiliki huyo; likiwemo la benki, dai barua ya benki inayotaja deni lililobaki, na sehemu hiyo ya pesa uilipe benki moja kwa moja.