Kusoma Picha ya Cheti cha Dawa Kilichoandikwa India

Wagonjwa wa Afrika Mashariki wanaokwenda kutibiwa katika hospitali za Chennai, Delhi na miji mingine ya India hurudi na vyeti vya dawa vilivyoandikwa kwa mkono, na mara nyingi picha ya cheti hutangulia kufika nyumbani kwa simu, kwa sababu jamaa huombwa waanze kutafuta dawa kabla mgonjwa hajashuka kwenye ndege. Hapo ndipo kazi ya kusoma inapoanza, nayo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwani msomaji hana karatasi yenyewe mkononi, hamjui daktari aliyeandika, na vifupisho vilivyotumika vimetoka katika desturi inayofanana na ya nyumbani lakini isiyolingana nayo kila mahali.

Desturi hiyo ina tabaka mbili. Ya kwanza ni Kilatini kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza: OD ni mara moja kwa siku, BD ni mara mbili, TDS ni mara tatu, HS ni wakati wa kulala, AC ni kabla ya chakula, PC ni baada ya chakula, na SOS, ambayo huwashtua wasioizoea, ina maana tu ya kumeza dawa pale inapohitajika. Tabaka ya pili ni ya tarakimu zilizotenganishwa kwa vistari, ambapo 1-0-1 humaanisha kidonge kimoja asubuhi, mchana hakuna, na kimoja usiku, kwa hiyo nafasi ya tarakimu ndiyo inayotaja wakati. Msomaji wa Tanzania amezoea maandishi ya bahasha za dawa yanayosema 1×3, yaani kimoja kutwa mara tatu, naye akiikuta alama ya kuzidisha katika cheti cha India anapaswa kusita, maana huko alama hiyo mara nyingi hutangulia idadi ya siku: 1-0-1 × 3 ni siku tatu za dawa, wala si mara tatu kwa siku.

Jambo jingine linalowahusu hasa wasomaji wa Kiswahili ni saa. Daktari akiandika 8 am na 8 pm, mwenye kutafsiri kwa haraka anaweza kumwambia bibi ameze saa nane, na bibi akameza saa nane mchana na saa nane usiku, ilhali iliyokusudiwa ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Dozi hapo haijaongezeka, lakini dawa iliyopangwa kutangulia kifungua kinywa huwa imehamia baada ya chakula cha mchana, na mgonjwa huamshwa usiku wa manane bila sababu.

Ugumu wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika cheti kimoja kikisomwa mstari kwa mstari. Cheti kilichomfikia mwandishi wa makala haya kilikuwa cha mama mwenye baridi yabisi ya viungo, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia maungio yenyewe, na baada ya kunakiliwa kwa uangalifu kilisomeka hivi:

```
Tab. MTX 10 mg   1   O?   Sat
Tab. FA 5 mg     1   OD   x 5/7
Tab. Pan 40      1-0-0    AC
Tab. PCM 650     1   SOS
```

Mistari miwili ya chini haikuwa na shaka kubwa. Pan 40 ni jina la kibiashara linalotumika sana India la pantoprazoli ya miligramu 40, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ambayo hapa humezwa asubuhi kabla ya kula. Na PCM 650 ni parasetamoli ya miligramu 650 ya kumeza maumivu yakizidi, ingawa kipimo hicho kwa kawaida hakipatikani katika maduka ya nyumbani, ambako vidonge ni vya 500, na hata SOS huhitaji kuandikiwa kikomo cha vidonge kwa siku, jambo ambalo cheti hakikulifanya.

Hatari ilikuwa katika mstari wa kwanza. MTX ni methotreksati, dawa ambayo kwa baridi yabisi humezwa mara moja tu kwa wiki. Huzuia chembe za mwili kutumia asidi ya foliki, ambayo chembe huihitaji ili zigawanyike, na kwa kipimo kidogo cha kila wiki hutuliza uvimbe wa viungo. Lakini ikimezwa kila siku mwili haupati nafasi ya kupona kati ya dozi moja na nyingine, uboho huacha kutengeneza damu ya kutosha, na mgonjwa anaweza kufa. Kosa hili limejirudia katika nchi nyingi kiasi kwamba mwaka 2019 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilitoa hatua mpya za kulizuia. Katika picha ile, herufi iliyofuata O ilikuwa mkunjo ulioanzia chini, ukapanda, ukaachwa wazi juu: ingeweza kuwa D, yaani kila siku, na ingeweza kuwa W, kwa sababu wapo madaktari wanaoandika OW wakimaanisha mara moja kwa wiki. Neno Sat, yaani Jumamosi, liliunga mkono usomaji wa pili, lakini lilikuwa limeandikwa pembeni kwa wino uliofifia, na mtu angeweza kudai kwa haki kuwa ni siku ya kuanza dawa.

Msomaji mwenye ujuzi hujisikia kuvutwa hapa. Anajua kuwa methotreksati ni ya kila wiki, kwa hiyo anataka kuandika W na kuendelea. Mvuto huo ndio unaopaswa kuogopwa, kwa sababu kujua kinachoandikwa kwa kawaida si kusoma kilichoandikwa, na anayepokea nakala safi hawezi tena kuona kwamba herufi moja ilibuniwa. Nakala inayofaa huacha alama ya kuuliza mahali pa shaka, kama ilivyo hapo juu, na kama yupo msomaji wa pili huyo hupewa picha, wala haonyeshwi kwanza usomaji wa mwenzake.

Mstari wa pili ulionekana rahisi, na kwa hiyo ulikuwa na mtego wake. FA ni asidi ya foliki, ambayo hutolewa pamoja na methotreksati ili kupunguza madhara yake kama vidonda vya mdomo na kichefuchefu. Katika zahanati za Afrika Mashariki 5/7 husomwa bila kufikiri kuwa ni siku tano, kama ambavyo 2/52 ni wiki mbili na 3/12 ni miezi mitatu, kwa kuwa namba ya chini hutaja siku za wiki, wiki za mwaka au miezi ya mwaka. Lakini dawa ya kinga ambayo mgonjwa ataihitaji muda wote atakaotumia methotreksati haielekei kutolewa kwa siku tano kisha ikakoma. Huenda daktari alikusudia siku tano katika kila wiki. Usomaji wote wawili ni halali kwa maandishi, na hakuna hata mmoja unaothibitishwa na karatasi.

Kabla ya kumtafuta daktari, picha yenyewe ilirudiwa, kwa kuwa WhatsApp hubana picha ya kawaida na nukta ya desimali ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea. Karatasi hunyooshwa mezani karibu na dirisha, simu hushikwa juu yake moja kwa moja ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi, pembe zote nne huonekana, kisha picha hutumwa kama faili badala ya picha. Hutumwa pia picha ya upande wa nyuma, ya muhtasari wa hospitali aliopewa mgonjwa aliporuhusiwa, na ya pakiti za dawa alizokwisha kununua huko, kwani pakiti huonyesha jina kamili na kipimo kwa maandishi ya chapa. Katika kisa hiki picha mpya iliondoa shaka juu ya 10, ambayo mwanzoni ilihofiwa kuwa 1.0, lakini herufi baada ya O ilibaki ilivyokuwa. Doa lilikuwa la kalamu, si la kamera.

Kilichobaki kilikuwa kuuliza. Namba ya kliniki huwa imechapwa juu ya cheti, na kwa kuwa India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu, simu hupigwa asubuhi, kabla kliniki haijafungwa. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Swali kama "ni mara moja kwa wiki, sivyo?" humpa muuguzi mwenye haraka nafasi ya kuitikia tu, ilhali swali lililo wazi, "dawa hii anywe siku zipi, na kiasi gani kila siku hiyo?", humlazimu kufungua faili. Jibu husomwa tena kwake neno kwa neno, kisha huombwa kwa maandishi yasiyo na vifupisho. Aliyepiga simu alijibiwa kwamba methotreksati ni miligramu 10 kila Jumamosi tu, na asidi ya foliki ni kidonge kimoja Jumatatu hadi Ijumaa, kila wiki, mpaka mgonjwa atakapoonwa tena. Usomaji wa haraka wa 5/7 ungekuwa umekosea.

Hata hapo palikuwa na hatua moja zaidi, maana duka la dawa la mtaani lilikuwa na methotreksati ya miligramu 2.5, wakati cheti kilihesabu kidonge kimoja cha 10. Mfamasia alipaswa kutoa vidonge vinne vya kumezwa siku moja, na familia inayoona vidonge vinne inaweza kuvigawa katika siku nne, au baadaye ikipata vya 10 ikaendelea kumeza vinne. Kwa hiyo huandikwa miligramu pamoja na idadi ya vidonge, na aina mbili za kipimo haziwekwi katika nyumba moja.

Kusubiri jibu kuna gharama yake, nayo hutofautiana. Methotreksati ya kila wiki ikichelewa kwa siku moja au mbili haimdhuru mgonjwa kwa kawaida, ila insulini, dawa za kifafa na dawa za kuzuia damu kuganda hazingoji. Mstari wa dawa kama hizo ukiwa na shaka, mgonjwa hupelekwa siku hiyo hiyo kwa daktari wa karibu pamoja na cheti chenyewe. Na iwapo methotreksati imekwisha kumezwa siku kadhaa mfululizo, huachwa mara moja na mgonjwa hupelekwa hospitali hata akiwa anajisikia vizuri, kwani ipo dawa ya kuikabili, asidi ya foliniki, ambayo hufaa zaidi ikiwahi. Vidonda mdomoni, homa na kutokwa damu kwenye fizi ni dalili kwamba uboho umeshaguswa.

Kwenye pakiti ya mama yule liliandikwa hatimaye, kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi: "JUMAMOSI TU. VIDONGE 4 (MILIGRAMU 10 KWA JUMLA). SIKU NYINGINE USIMEZE." Cheti cha India kilibanwa nyuma yake, kikiwa bado na alama ya kuuliza kwa penseli juu ya ile herufi, na tarehe ya simu iliyoijibu.