Kutoka kwenye Sanduku hadi Hati Fungani: Hotuba ya Kusoma kwenye Mkutano wa Chama

Mweka hazina, hii ni yako. Wateja wetu wa Nakuru, kuanzia Molo na Njoro hadi Subukia na Bahati, huuliza swali moja kwa namna nyingi: chama chetu kina pesa kwenye sanduku na nyingine kwenye simu, tunasikia watu wananunua hisa na hati fungani za serikali, tunawaambiaje wanachama? Sisi hatuuzi hisa wala hati fungani, kwa hivyo hatuna cha kukuvutia nacho. Tumekuandikia hotuba unayoweza kusoma kama ilivyo, halafu tukaongeza maelezo pale ambapo tunajua mtu atainua mkono.

Tumechukua mfano wa chama cha watu 20 wanaochanga shilingi 200 kila wiki, wanakopeshana, na kugawana mwezi wa Desemba. Badilisha namba ziwe zenu. Anza hivi:

“Mama mwenyekiti, kina mama na kina baba, hamjambo. Sitawaambia leo tuache sanduku. Sanduku limetulipia karo na limetununulia mbolea, na litabaki. Nataka tuongee juu ya miezi mitatu tu ya mwaka: Septemba, Oktoba na Novemba.

Mnajua jinsi pesa zetu zinavyotembea. Januari kila mtu anataka mkopo wa karo. Machi na Aprili tunataka mbegu na mbolea. Miezi hiyo sanduku huwa tupu, na hiyo ni sawa, kwa sababu pesa iko kazini. Lakini ikifika Septemba tunasimamisha mikopo ili madeni yarudi kabla ya kugawana. Kuanzia hapo pesa inarudi, inarudi, na hakuna anayeikopa. Sanduku linajaa wakati ule ule ambao kijiji kizima kinajua tunakaribia kugawana. Lina kufuli tatu, ndiyo, lakini mtu akitaka kuliiba hafungui kufuli. Analibeba.

Kwa hivyo ninapendekeza hivi. Mwishoni mwa Agosti tuchukue shilingi laki moja, tuikopeshe serikali kwa siku 91, irudi mapema Desemba.”

Simama hapa, waache waongee. Kuna mtu atasema, na ana haki: “Sisi tunakopeshana kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Serikali inatupa ngapi?” Usimzunguke. Endelea:

“Serikali inatupa kidogo sana ukilinganisha na sisi. Tuseme riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Karatasi ya laki moja tutainunua kwa karibu 98,045, na baada ya siku 91 tulipwe laki nzima. Faida ni kama 1,955. Kodi ni asilimia 15 ya hiyo faida, karibu 293. Tunabaki na 1,660 hivi. Ukigawa kwa watu 20, ni shilingi 83 kila mmoja. Hiyo haitatajirisha mtu. Lakini miezi hiyo mitatu pesa hiyo ingezalisha sifuri, na ingelala kwa nyumba ya mtu mmoja ambaye naye halali usingizi. Mkopo wa mwanachama bado ndio wa kwanza. Serikali inapata ile pesa ambayo hakuna mwanachama anayeihitaji.”

Sasa maelezo yetu. Karatasi hii inaitwa hati ya hazina ya muda mfupi. Benki Kuu ya Kenya huziuza kwa siku 91, 182 na 364. Mnada wa hati hizi hufanyika kila wiki, kwa kawaida Alhamisi, na hati yenyewe huanza kuhesabiwa Jumatatu inayofuata. Siku 91 ni wiki 13 kamili, kwa hivyo ukianza Jumatatu ya mapema Septemba utalipwa Jumatatu ya mapema Desemba, kabla ya siku ya kugawana. Usichague ya siku 182 kwa sababu tu riba yake imezidi kidogo. Italipwa Machi, na Desemba wanachama watakuwa wamekukalia.

Maombi hupitia mfumo wa Benki Kuu unaoitwa DhowCSD, ulioanza mwaka 2023, na unaweza kuufungua kwenye simu. Riba hubadilika kila wiki: katikati ya 2024 hati ya siku 91 ilikuwa karibu asilimia 16, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu nusu ya hapo. Ndiyo maana tumesema “tuseme ni asilimia 8”. Angalia matokeo ya mnada wa wiki iliyopita kabla ya kusoma hotuba, uweke namba ya siku hiyo.

Kuna jambo moja ambalo vyama vingi hukwama nalo, na tunaomba ulitilie mkazo. Soma hili polepole:

“Akaunti itakuwa kwa jina la chama. Si kwa jina langu, hata kama mnaniamini. Nikifa kesho, hati iliyo kwa jina langu ni mali ya urithi wangu, na watoto wangu ndio watakaoitwa kortini, si ninyi. Tunahitaji cheti cha usajili wa kikundi, pin ya KRA ya chama, akaunti ya benki ya chama, na maandishi ya mkutano huu yanayotaja watu watatu wa kutia sahihi.”

Pesa ya simu inaingia hapo katikati tu. Wanachama wanatuma mchango kwa simu, mweka hazina anaupeleka kwenye akaunti ya benki ya chama, na hati hulipiwa kutoka benki. Ikiiva, pesa hurudi benki, kisha kila mtu anatumiwa fungu lake kwa simu. Akitokea mtu anayesema ni ajenti wa Benki Kuu na anataka mtume pesa kwa namba yake binafsi, huyo ni mwizi. Hakuna haja ya kumhoji zaidi.

Sasa hati fungani. Hapa hotuba inabadilika sauti, kwa sababu hii si pesa ya sanduku tena:

“Jambo la pili ni la hiari. Hati fungani ni mkopo mrefu kwa serikali, wa miaka miwili, mitano, kumi, hata zaidi. Serikali inatulipa riba kila miezi sita, na mwisho inarudisha pesa yetu. Tukiwa na hati ya laki moja ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 12, kila miezi sita tunapata 6,000. Hati ya miaka 10 au zaidi inakatwa kodi asilimia 10, kwa hivyo mkononi ni 5,400. Za miaka pungufu zinakatwa 15. Zile za miundombinu zimekuwa hazikatwi kodi. Februari 2024 ilitoka ya miundombinu iliyolipa asilimia 18.46. Laki moja ilikuwa inazaa 9,230 kila miezi sita.

Mmesikia hiyo namba, sasa msikie hii nyingine. Sisi tunagawana kila Desemba, na hati ya miaka 10 haijui Desemba. Tukitaka pesa kabla ya wakati, lazima tumuuzie mtu mwingine sokoni, kwa bei anayotaka yeye. Kama hati yetu inalipa 12 na serikali sasa inauza mpya za 16, nani atanunua yetu kwa laki nzima? Ikiwa imebaki miaka tisa, bei ya haki ni karibu 81,000. Serikali haijashindwa kulipa, hakuna aliyetuibia, lakini tumepoteza 19,000 kwa sababu ya haraka yetu.

Kwa hivyo tusitumie mchango wa kawaida. Anayetaka aongeze shilingi 100 kwa wiki kwenye mfuko wa pili ambao haugawanywi Desemba. Tukiingia wote 20, kwa mwaka ni 104,000. Kinachogawanywa ni ile riba tu.”

Swali litakuja: mtu akihama au akifiwa je? Amueni kabla ya kununua, si siku analia. Njia rahisi tunayoiona ni anayetoka kulipwa kile alichochanga kutoka kwenye michango mipya ya mfuko huo, ndani ya miezi mitatu, bila kuuza hati. Andikeni, kila mtu atie sahihi. Kiwango cha chini kwa hati nyingi ni 50,000, lakini soma tangazo la kila hati, kwa sababu baadhi zimekuwa zikianzia laki moja.

Hisa tumeziweka mwisho, na kwa makusudi tumezipa sehemu ndogo:

“Hisa si mkopo. Ni kipande cha kampuni, na hakuna aliyeahidi kukurudishia chochote. Wengi wenu mnakumbuka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa shilingi 5. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani 10,000. Watu walichukua mikopo benki kununua. Maombi yakawa mengi mno, kila mtu akapewa karibu hisa moja kwa kila tano alizoomba, huku riba ya mkopo ikihesabiwa kwa pesa yote. Bei ikapanda kidogo, na kabla mwaka kuisha ilikuwa chini ya 5. Kwa sehemu kubwa ilikaa huko hadi kama 2013. Aliyekopa aliuza kwa hasara. Aliyenunua kwa pesa yake akasahau, kwa miaka ya fedha iliyoisha 2023 hadi 2025 alipata mgao wa shilingi 1.20 kwa hisa kila mwaka, kabla ya kodi ya asilimia 5. Lakini aliyenunua 2021 bei ilipopita 40 alikuta iko chini ya 15 mwishoni mwa 2023. Kampuni ni ile ile.

Ninachoomba ni tusiweke zaidi ya 20,000 kwa mwaka, kutoka mfuko wa pili, na tusikope hata senti.”

Kununua hisa kunahitaji akaunti ya CDS kwa jina la chama, inayofunguliwa kupitia dalali aliye kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha hiyo iko wazi, iangalie mwenyewe badala ya kuamini cheti kilichoning'inizwa ukutani. Baada ya kununua, dai taarifa ya akaunti ya CDS. Kama dalali anakuonyesha risiti yake tu na siku zinapita bila taarifa, simamisha malipo mengine yote. Na kumbuka dalali hulipwa mkinunua na mkiuza pia, kwa hivyo kuuza na kununua kila mwezi kunampendeza yeye.

Mwisho wa hotuba, usiombe makofi. Omba kura, moja moja:

“Kura ya kwanza: laki moja ya Septemba, siku 91. Kura ya pili: mfuko wa hiari, na majina ya wanaoingia. Kura ya tatu: watu watatu wa kutia sahihi, na wasiwe wa nyumba moja. Hisa tutaziongelea tena baada ya riba ya kwanza ya hati fungani kuingia. Katibu, andika.”