Kumpa ndugu mamlaka akusajilie kiwanja ukiwa ughaibuni

Chukua mfano wa Mtanzania anayefanya kazi ya uuguzi Maskati. Amenunua kiwanja chenye hati miliki Dar es Salaam, muuzaji yuko tayari kusaini, lakini mwajiri hampi likizo. Mdogo wake wa kiume yupo nyumbani na anaweza kuzunguka ofisini. Ili asaini fomu za uhamisho kwa niaba ya dada yake na kukabidhiwa hati mpya, anahitaji hati ya uwakilishi, yaani maandishi ambayo dada anampa mamlaka ya kisheria. Barua ya kawaida haitoshi, wala ujumbe wa sauti kwa Msajili wa Hati haufiki popote.

Uzito wa hati hii uko kwenye kipengele cha mamlaka. Wengi hupewa nakala ya jumla inayosema mwakilishi afanye "mambo yote yahusuyo ardhi yangu". Kwa maneno hayo ndugu anaweza kusajili, na pia anaweza kuuza au kuweka rehani. Hata ukimwamini kabisa, usimpe mamlaka asiyoyahitaji. Kipengele chenye mipaka husomeka hivi:

"Namteua mdogo wangu (majina matatu, namba ya kitambulisho cha taifa) asaini kwa niaba yangu, nikiwa mnunuzi, hati ya uhamisho wa kiwanja namba ..., Kitalu ..., chenye hati miliki namba ...; awasilishe maombi ya usajili, alipe ada na kodi zinazonihusu, na apokee hati miliki itakayotolewa kwa jina langu. Hana mamlaka ya kuuza, kuweka rehani, kukodisha wala kumteua mtu mwingine badala yake."

Maneno "kwa jina langu" yasikosekane. Namba ya kiwanja na ya hati zinakiliwe kutoka kwenye hati ya muuzaji yenyewe, kwa sababu kosa la tarakimu moja linatosha faili kurudishwa. Majina nayo hukwamisha watu wengi: pasipoti inasema Salim, kitambulisho cha taifa kinasema Salum. Linganisha nyaraka zako kabla ya kuandika chochote, na kama zinatofautiana, mwone wakili akuandalie kiapo cha majina kitakachoambatana na hati.

Usisaini nyumbani. Saini mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia, na kwa aliyeko Oman njia nyepesi ni ubalozi wa Tanzania Maskati. Piga simu kwanza uulize siku za huduma hiyo, ada, na idadi ya picha. Beba pasipoti halisi. Ukishuhudiwa na mthibitishaji wa huko, hati huwa ya Kiarabu, na utalazimika kuitafsiri na kuipitisha kwenye mihuri mingine kabla haijakubalika nyumbani. Saini nakala halisi zaidi ya moja, kwani moja hubaki kwenye jalada la msajili, na uzitume kwa msafirishaji anayetoa namba ya kufuatilia. Picha ya simu ni ya kumwonyesha wakili tu. Wakati huohuo, mdogo wako asaini sehemu ya kukubali uwakilishi mbele ya wakili, na kuweka picha yake.

Hapa ndipo wengi hupoteza muda: wakishaipata hati, hukimbilia kwenye fomu za uhamisho. Kwanza ilipiwe ushuru wa stempu, kisha iandikishwe kwa Msajili wa Hati, ama mapema ama pamoja na maombi ya uhamisho. Msajili hawezi kutegemea saini ya mwakilishi ambaye mamlaka yake hayajaandikishwa. Kwenye fomu, mdogo wako anaweka saini yake mwenyewe na kuandika kwamba anasaini kwa niaba yako. Akiiga saini yako, hiyo ni kughushi, hata kama ulimwambia afanye hivyo.

Fedha za kiwanja zilipe kupitia benki moja kwa moja kwa muuzaji, na za ada ulipie wewe kwa namba ya malipo inayotolewa na serikali, ambayo mdogo wako atakutumia. Usajili ukikamilika, mwombe wakili asiye upande wa muuzaji afanye upekuzi wa hati. Jibu la upekuzi linaonyesha jina la mmiliki aliyeandikwa, na kama kuna rehani au zuio. Lisome kabla ya kumshukuru mtu yeyote.

Ukitaka kumwondolea mamlaka kabla kazi haijaisha, andika hati ya kubatilisha, ishuhudiwe vilevile, mpe mdogo wako taarifa ya maandishi, na iandikishwe kwa msajili yuleyule. Kumwambia ndugu pekee hakutoshi, maana mtu wa tatu aliyetegemea hati bila kujua kwamba imebatilishwa anaweza kulindwa na sheria. Mamlaka haya pia hukoma unapofariki. Jamaa wasiendelee kuitumia hati hiyo, hata kama fomu zilikuwa zimebaki kuwasilishwa tu. Suala hilo huhamia kwa msimamizi wa mirathi.