ELIMU YA AFYA: Uchovu wa Kujinyima Chakula au Udhaifu wa Tezi ya Shingo?

Wakazi wanaojinyima chakula ili kupunguza mwili mara nyingi hulalamikia uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu na nywele kukatika. Dalili hizo hizo huletwa na tezi dundumio, iliyopo mbele ya shingo, inaposhindwa kutengeneza homoni za kutosha. Homoni hizo huongoza kasi ya mwili kutumia chakula. Zikipungua, moyo, utumbo na hata fikra hupunguza mwendo.

Tofauti huonekana kwanza kwenye mizani. Anayekula kidogo sana hupungua uzito, na uchovu wake kwa kawaida huisha anaporejea kula vya kutosha. Mwenye tezi dhaifu huongezeka, ingawa si sana: aghalabu kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini. Hivyo, aliyeongezeka kilo 15 asiilaumu tezi peke yake.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 43 aliyeacha kula wali na chapati jioni. Baada ya miezi 3 ameongezeka kilo 3. Huvaa sweta mchana wa jua, sauti imekuwa nzito, uso huvimba asubuhi na hedhi hutoka nyingi. Dalili moja isingetosha. Zikikusanyika na kudumu kwa wiki kadhaa, zinastahili kipimo.

Kipimo hicho ni cha damu, nacho huandikwa TSH. Hiyo ni homoni itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo ili kuihimiza tezi ya shingo. Ya shingo ikilegea, TSH hupanda. TSH ya mama huyu ikiwa juu na T4, homoni ya tezi yenyewe, ikiwa chini, ugonjwa umethibitika. Atapewa vidonge vya levothairoksini, atavimeza kabla ya kula, na atapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. TSH ikipanda kidogo huku T4 ikiwa sawa, kipimo hurudiwa baada ya miezi 2 au 3, kwa kuwa huweza kushuka yenyewe.

Mwenye uchovu anapaswa kupima mapema zaidi iwapo ana rovu, amewahi kufanyiwa upasuaji wa tezi, ni mjamzito au amejifungua ndani ya mwaka mmoja. Unene pekee si sababu ya kutosha. Anayetumia biotini, vidonge vya nywele na kucha, amweleze mtoa huduma na aviache siku 2 kabla ya kipimo, kwani hupotosha majibu.

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya, ambako upungufu wa damu na kisukari navyo vitachunguzwa. Vidonge vya tezi visimezwe ili kupunguza mwili: kwa asiye mgonjwa, huuendesha moyo mbio kwa hatari.