Namba haina kamusi: simu yako inasoma vipi kibao cha duka na risiti

Tuanze na kisa cha mteja wetu mmoja. Alikuwa Biashara Street, Mombasa, saa saba mchana, akinunua leso jozi tatu kwa shilingi 2,400. Namba ya tili ya duka ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi, karatasi ikafunikwa nailoni, ikabandikwa ukutani karibu na mlango. Badala ya kuandika namba kwa mkono, alifungua programu moja ya kusoma picha, akapiga picha ukuta, na programu ikamletea namba kamili. Akainakili, akaweka kiasi, akabonyeza namba ya siri.

"Mama, pesa yako haijaingia hapa," akaambiwa.

"Nimetuma, mwanangu, tazama ujumbe huu."

Ujumbe ulikuwa wa kweli na pesa zilikuwa zimetoka. Ila zilikuwa zimeenda kwa duka lingine kabisa, kwa sababu ya tarakimu moja. Kuzirudisha kulichukua siku tatu, na leso zilibaki dukani siku zote hizo.

Wengi husema hapo, "simu ilisoma vibaya." Sisi tunasema simu haikusoma. Ilikisia. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo somo letu la leo.

Wasomaji wawili ndani ya simu

Ukipiga picha ya maandishi, kuna njia mbili ambazo programu inaweza kuyasoma.

Njia ya kwanza tuiite kisoma-herufi. Mafundi huiita OCR, na ni kazi ya zamani. Programu ya Tesseract, ambayo mpaka leo hutumiwa na mafundi wengi, ilianza kutengenezwa na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 1985, ikatolewa bure kwa umma mwaka 2005. Kisoma-herufi hufanya kazi kama karani mwenye miwani. Hunyoosha picha iliyopinda, hutenganisha wino na karatasi, hutafuta mistari, kisha hupita juu ya mstari kidogo kidogo akiuliza: umbo hili linafanana na herufi gani? Kila jibu hulipa alama ya uhakika, na hukumbuka mahali kwenye picha lilipotoka.

Njia ya pili tuiite kielewa-picha. Huyu haanzi na herufi. Huitazama picha nzima, ukuta, nguo, meza, karatasi, na mara nyingi huipunguza ukubwa kwanza. Halafu huandika jibu neno kwa neno, akichagua kila mara kile kinachoelekea kufuata, kulingana na anachokiona na mamilioni ya maandishi aliyofundishwa nayo. Ukimuuliza "namba ya kulipia ni ipi?" anakuelewa. Kisoma-herufi hawezi kuelewa swali hilo, yeye atakumwagia kila kilichoandikwa ukutani, pamoja na namba ya simu ya fundi wa friji.

Picha moja, maandishi mawili

Turudi kwenye ile picha ya Biashara Street. Kando ya karatasi ya tili kulikuwa na leso imetundikwa, na jina la leso lilikuwa limekunjwa kidogo. Kilichoonekana ni hiki: HARAKA HARAKA HAINA BA, kisha mkunjo, kisha KA.

Wewe umeshamaliza kusoma. Hukuhitaji kuikunjua leso, kwani methali unaijua na herufi mbili zilizofichika zimejijaza zenyewe. Kielewa-picha naye hufanya hivyo hivyo, na hapo anamshinda kisoma-herufi, ambaye akifika kwenye mkunjo huandika takataka au huacha pengo. Kwa maneno, kukisia kwa akili ni msaada mkubwa.

Sasa tazama karatasi ya tili. Jua la saa saba liligonga nailoni, likaacha doa jeupe juu ya tarakimu moja. Tuseme mwisho wa namba ilikuwa 8 3 6, na doa limeimeza ile 8. Je, hapo kuna methali ya kukusaidia? Hakuna. Tarakimu iliyofichika inaweza kuwa yoyote kati ya kumi, na zile zinazoizunguka hazisemi lolote kuihusu. Namba haina kamusi.

Kisoma-herufi akifika kwenye doa hilo, kwa kawaida huacha pengo, au huandika kitu chenye alama ndogo ya uhakika. Namba inatoka fupi kwa tarakimu moja, na programu iliyotengenezwa vizuri inakataa kuendelea: piga picha tena. Inaudhi, lakini kosa unaliona.

Kielewa-picha hana mazoea ya kuacha pengo. Anajua kwamba namba za tili huwa na urefu fulani, na kazi yake ni kuandika kinachoelekea kufuata. Kwa hiyo anajaza tarakimu, tuseme 5, kwa ile ile akili iliyomsaidia kwenye leso. Namba inatoka nzima, safi, bila doa. Hilo ndilo lililompata mteja wetu. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Hatari ilikuwa kwamba halikuwa na alama yoyote ya kosa.

Tusimpambe sana kisoma-herufi, kwani naye hukosea. Huchanganya 0 na herufi O, 1 na herufi I, 5 na herufi S, na 8 iliyochanika ubavu huisoma 3. Namba iliyochorwa kwa brashi kwenye ukuta wa chokaa humshinda zaidi kuliko iliyochapishwa. Ukitembea Ndia Kuu, Mji wa Kale, utakuta pia maandishi ya Kiarabu, na ndugu walio Omani na Dubai hututumia risiti zenye tarakimu za Kiarabu. Kisoma-herufi aliyefundishwa herufi za Kilatini pekee hapo hupotea: ٥ ni tano lakini kwake inafanana na sifuri, na ٠, ambayo ndiyo sifuri, huiona kama nukta tu. Risiti iliyoandikwa ٢٥٠, yaani 250, inaweza kutoka kama kitu kisichoeleweka kabisa.

Risiti: hapa kielewa-picha ana faida

Chukua risiti ya duka yenye mistari hii mwishoni:

Kabla ya kodi 1,000
VAT 16% 160
Jumla 1,160
Taslimu 1,500
Chenji 340

Kisoma-herufi atakupa namba zote hizo sawasawa. Lakini ipi ndiyo gharama? Programu za zamani za kuweka hesabu zilikuwa na kanuni rahisi, chukua namba kubwa kuliko zote. Hapa kanuni hiyo ingeandika 1,500, ambayo ni noti ulizompa muuzaji. Kielewa-picha anatambua kwamba "Jumla" ndilo neno la kufuata, hata kama risiti nyingine imeandika "Total" au imeliweka neno upande wa pili. Anaelewa mpangilio wa karatasi.

Ila kumbuka ugonjwa wake. Risiti nyingi huchapishwa kwenye karatasi ya joto, ile inayofifia ukiiacha kwenye dashibodi ya gari. Ikiwa 6 imefifia, anaweza kuandika 1,180 bila kusita. Utajuaje? Risiti, tofauti na namba ya tili, inajikagua yenyewe. 1,000 kujumlisha 160 ni 1,160, si 1,180. Na 1,500 kutoa 1,180 ni 320, lakini chenji imeandikwa 340. Mahali pawili hesabu imekataa, kwa hiyo kuna tarakimu iliyosomwa vibaya. Ukiweka matumizi ya biashara yako kwa kupiga picha risiti, fanya jumla na toa hizo mbili kabla ya kuhifadhi. Ni nusu dakika.

Namba ya tili itajikagua vipi?

Hakuna chenji ya kulinganisha kwenye kibao cha duka. Ukaguzi uliopo ni mmoja, nao ni jina. Kabla hujaweka namba ya siri, skrini hukuonyesha jina lililosajiliwa kwenye tili ile. Tarakimu ikikosewa, moja kati ya mambo mawili hutokea: namba haipo na malipo yanakataliwa, au namba ni ya mtu mwingine na jina lake ndilo linalotokea. Mteja wetu alipoangalia upya, alikumbuka kwamba jina lilitokea. Hakulisoma.

Jina nalo lina mipaka miwili. Kwanza, duka linaweza kusajiliwa kwa jina ambalo si lile la kibaoni, kwa hiyo jina geni si lazima liwe kosa. Muulize muuzaji kwa sauti: "Tili yenu inasoma jina gani?" Usimtajie wewe kwanza, mwache aseme. Pili, mwenye duka akiwa na tili mbili, moja Marikiti na moja Mji wa Kale, jina linaweza kuwa lile lile na pesa zikaingia tawi lingine. Hapo hata jina halikuokoi, inabidi ulinganishe namba.

Na kulinganisha kuna namna yake. Usiangalie namba kwa jumla, jicho nalo hukisia kama kielewa-picha. Igawe vipande vya tarakimu mbili au tatu, usome kutoka kibaoni kwanza, kisha uitafute kwenye skrini. Ukianza na skrini, jicho litakubali chochote kilicho ukutani.

Ukiamua kupiga picha

Simama sambamba na kibao, usipige kwa kiubavu. Zima mwanga wa kamera, maana kwenye nailoni huwa ndio unaotia doa. Ikiwa jua limegonga, sogea hatua moja kando mpaka kila tarakimu ionekane kwa macho yako. Sogeza simu karibu hadi namba ijaze upana wa picha. Kumbuka kielewa-picha huipunguza picha, na tarakimu ndogo kwenye picha ya ukuta mzima hubaki vumbi tu. Kisha jaribu hivi: kuza picha kwa vidole viwili. Kama wewe mwenyewe huwezi kuisoma tarakimu moja, na simu ikakupa namba nzima, ujue kuna tarakimu imetungwa.

Hapo weka simu chini, mwombe muuzaji akutajie namba, uiandike kwa mkono. Ikitokea jina tofauti, usiweke namba ya siri. Na kama pesa zimeshatoka, usisubiri jioni: piga simu huduma kwa wateja pale pale dukani, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi na kibao mbele ya macho yako, ili uweze kututajia namba uliyokusudia na ile iliyokwenda.